Kulinganisha makundi mawili madogo kwa nafasi: jaribio la Mann-Whitney hatua kwa hatua, kwa mfano wa sumukuvu kwenye mahindi

Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache ikaruhusu tena kwa masharti. Tangu hapo swali la namna ya kuanika mahindi limezungumzwa sana na wakulima wa Masindi na Iganga, na hata na madereva wa malori pale mpakani Busia na Malaba. Mwanafunzi au afisa kilimo anayetaka kulijibu kwa vipimo hukutana na shida mbili kwa pamoja. Kupima sumukuvu kwenye maabara ni ghali, kwa hiyo anarudi na sampuli tano au sita kwa kila kundi. Halafu namba zenyewe zimekaa vibaya: nyingi ni ndogo, chache ni kubwa mno, na baadhi maabara imeziandika "chini ya 1".

Data ya namna hii ndiyo inayohitaji jaribio la nafasi, yaani jaribio linaloangalia kila namba imeshika nafasi ya ngapi badala ya ukubwa wake. Hapa nashughulikia moja tu, la kulinganisha makundi mawili yasiyohusiana. Frank Wilcoxon alilieleza mwaka 1945, na Mann na Whitney wakalikamilisha mwaka 1947, ndiyo maana programu moja huliita kwa jina la Wilcoxon na nyingine kwa jina la Mann-Whitney. Jaribio ni lilelile. Namba za mfano nimezitunga ili hesabu iweze kufuatwa kwa kalamu na karatasi, lakini umbo lake ni lile linaloonekana kwenye vipimo halisi vya sumukuvu.

Kwanza, hakikisha sampuli zako zinajitegemea

Naanza hapa kwa sababu hakuna jaribio linaloweza kurekebisha kosa la hatua hii. Tuseme unalinganisha mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai na yaliyoanikwa kwenye ardhi tupu. Kila namba lazima itoke kwenye kaya yake. Ukichota mara sita kutoka gunia moja la mzee mmoja, huna sampuli sita. Unayo sampuli moja iliyopimwa mara sita, na thamani ya p utakayoipata, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu, itakuwa inazungumzia gunia lile, si njia ya kuanika.

Kinyume chake, ndani ya kaya moja usichote mara moja tu. Kuvu wa Aspergillus flavus hawaenei sawasawa kwenye gunia. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na zilizo jirani nazo zikawa safi kabisa. Choma bambo sehemu nyingi za magunia ya kaya hiyo, changanya ulichotoa, saga chote, kisha toa kiasi cha kupeleka maabara. Machoto ni mengi, lakini namba inayoingia kwenye hesabu ni moja kwa kila kaya.

Jiulize pia kama makundi yako yana uhusiano. Ikiwa kila kaya iligawa mavuno yake, nusu ikaanika kwenye turubai na nusu chini, basi una jozi, na jaribio hili si lako. Lako ni lile la Wilcoxon la nafasi zenye alama, linalofanya kazi na tofauti ndani ya kila jozi. Hilo linahitaji angalau jozi sita ili p ya pande mbili, inayohesabu tofauti ya upande wowote, iweze kushuka chini ya kikomo cha kawaida cha 0.05. Kwa jozi tano, hata zote zikielekea upande mmoja, p ndogo kabisa inayowezekana ni 0.0625.

Amua jaribio kabla ya kuona majibu

Kuna mazoea yaliyoenea vyuoni: mtu anaendesha jaribio la Shapiro-Wilk, likisema data inafuata msambao wa kawaida anatumia jaribio la t, linalolinganisha wastani, likikataa anahamia kwenye nafasi. Kwa sampuli tano au sita ushauri huo haufai. Shapiro-Wilk likiwa na namba tano halina nguvu ya kugundua upotofu, kwa hiyo kupita kwake hakuthibitishi chochote. Matokeo yake ni kwamba unapewa ruhusa ya kutumia t pale hasa ambapo t ni dhaifu.

Amua kwa kile unachokijua kuhusu kitu chenyewe. Kiasi cha sumukuvu hakiwezi kuwa chini ya sifuri, lakini kwenda juu hakina ukomo wa karibu, kwa hiyo mkia wake ni mrefu upande wa kulia. Hilo lilijulikana kabla hujatoka nyumbani kwenda kuchota. Andika kwenye pendekezo lako la utafiti kwamba utatumia Mann-Whitney, na usirudi nyuma.

Hatua hiyohiyo ndiyo ya kukagua kama ukubwa wa sampuli unaruhusu jibu lolote. Ukiwa na kaya tatu kwa tatu, kuna njia 20 tu za kugawa nafasi sita kwa makundi mawili, na p ndogo kabisa ya pande mbili ni 2/20, yaani 0.1. Hata turubai zote zikiwa safi na ardhi yote ikiwa chafu, hutafika 0.05. Nne kwa nne zina njia 70, na p ndogo kabisa ni 2/70, karibu 0.029. Inasikitisha kuona mtu ametumia fedha za maabara kwa mpango wa tatu kwa tatu, kumbe jibu la "hakuna tofauti" lilikuwa limeandikwa tangu siku ya kwanza.

Panga namba zote pamoja na uzipe nafasi

Haya ndiyo majibu yetu, kwa mikrogramu za sumukuvu jumla katika kila kilo ya mahindi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu hadi 10.

Turubai, kaya 5: chini ya 1, chini ya 1, 1.6, 3.9, 11

Ardhi tupu, kaya 6: 2.7, 7.1, 14, 23, 64, 190

Changanya namba zote kumi na moja, uzipange kutoka ndogo hadi kubwa, kisha uipe kila moja nafasi yake, kama mwalimu anavyowapanga wanafunzi baada ya mtihani, ila hapa nafasi ya kwanza ni ya aliye chini. Kosa linalojirudia ni kupanga kila kundi peke yake. Ukifanya hivyo umeua kila kitu, kwa sababu tunachotaka kuona ni namna makundi yanavyoingiliana kwenye mstari mmoja.

| Kiasi | Kundi | Nafasi |
|---|---|---|
| chini ya 1 | turubai | 1.5 |
| chini ya 1 | turubai | 1.5 |
| 1.6 | turubai | 3 |
| 2.7 | ardhi | 4 |
| 3.9 | turubai | 5 |
| 7.1 | ardhi | 6 |
| 11 | turubai | 7 |
| 14 | ardhi | 8 |
| 23 | ardhi | 9 |
| 64 | ardhi | 10 |
| 190 | ardhi | 11 |

Zile mbili za "chini ya 1" zimetoka sare. Zilikuwa zichukue nafasi ya 1 na ya 2, kwa hiyo kila moja inapewa wastani wake, 1.5. Hapa ndipo nafasi zinapoonyesha faida ambayo watu wengi hawaitumii. Hatujui kama kaya hizo zilikuwa na 0.2 au 0.9, lakini tunajua kwa hakika kwamba ziko chini ya nyingine zote, na nafasi hazihitaji zaidi ya hapo. Usizifute. Ukizifuta unaondoa kaya zilizofanya vizuri kuliko zote, na turubai itaonekana mbaya kuliko ilivyo. Kuwa mwangalifu tu ikiwa maabara mbili zina vikomo tofauti: "chini ya 1" ya moja na "chini ya 4" ya nyingine haziwezi kupangwa zenyewe kwa zenyewe. Hapo itabidi kila namba iliyo chini ya 4, pamoja na 1.6, 2.7 na 3.9, ihesabiwe kuwa sare na zile za chini.

Jumlisha nafasi na upate U

Jumla ya nafasi za turubai ni 1.5 + 1.5 + 3 + 5 + 7 = 18. Za ardhi ni 4 + 6 + 8 + 9 + 10 + 11 = 48. Kagua hapohapo: kwa namba N, jumla ya nafasi zote lazima iwe N(N+1)/2. Kwa kumi na moja ni 66, na 18 + 48 ni 66. Isipolingana, umekosea kugawa sare au umeruka namba.

Sasa ondoa kutoka kila jumla kiasi kidogo kabisa ambacho kundi hilo lingeweza kupata. Kundi la kaya tano lingepata angalau 1+2+3+4+5, yaani 15. Kundi la kaya sita lingepata angalau 21.

```
U (turubai) = 18 - 15 = 3
U (ardhi)   = 48 - 21 = 27
ukaguzi: 3 + 27 = 5 × 6 = 30
```

Namba hizi zina maana ya moja kwa moja, na nakusihi uielewe kabla ya kwenda kwenye p. Ukilinganisha kila kaya ya turubai na kila kaya ya ardhi, unapata jozi 30. Katika jozi 3 turubai ndiyo yenye sumu zaidi: ile ya 3.9 inaizidi 2.7, na ile ya 11 inazizidi 2.7 na 7.1. Katika 27 zilizobaki ardhi ndiyo yenye sumu zaidi. Kama kuna sare kati ya makundi, kila upande unapewa nusu.

Tafuta p kwa kuhesabu, si kwa kukisia

Kama njia ya kuanika haina athari yoyote, basi nafasi tano zozote kati ya kumi na moja zingeweza kuangukia turubai, kila mpangilio ukiwa na uwezekano sawa. Mipangilio hiyo iko 462. Swali ni mingapi kati yake inaipa turubai jumla ya 18 au chini. Tunaweza kuiorodhesha yote:

```
1.5, 1.5, 3, 4, 5  = 15
1.5, 1.5, 3, 4, 6  = 16
1.5, 1.5, 3, 4, 7  = 17
1.5, 1.5, 3, 5, 6  = 17
1.5, 1.5, 3, 4, 8  = 18
1.5, 1.5, 3, 5, 7  = 18   (yetu)
1.5, 1.5, 4, 5, 6  = 18
```

Ni saba. Upande wa pili, ambako turubai ingekuwa na nafasi kubwa kwa kiasi kilekile, kuna mingine saba. Thamani ya p ya pande mbili ni 14/462, karibu 0.030. Hakuna msambao wa kawaida uliodhaniwa popote. Tumehesabu mipangilio tu, na hiyo ndiyo nguvu ya jaribio hili kwenye sampuli ndogo.

Kwa programu ya R unaandika hivi. Kwa "chini ya 1" weka namba yoyote iliyo chini ya 1, ili mradi iwe ileile kwa zote:

```r
turubai <- c(0.5, 0.5, 1.6, 3.9, 11)
ardhi   <- c(2.7, 7.1, 14, 23, 64, 190)
wilcox.test(turubai, ardhi)
```

Matoleo mengi ya R yatakuletea W = 3, p karibu 0.035, na onyo hili: `cannot compute exact p-value with ties`. Onyo linasema kwamba kwa sababu ya sare R imeacha kuhesabu mipangilio na imetumia makadirio ya msambao wa kawaida. Kwa kaya kumi na moja sipendi kutegemea makadirio wakati hesabu kamili inapatikana. Kifurushi cha coin kinaifanya hata kukiwa na sare:

```r
library(coin)
d <- data.frame(
  kiasi = c(turubai, ardhi),
  njia  = factor(rep(c("turubai", "ardhi"), c(5, 6)))
)
wilcox_test(kiasi ~ njia, data = d, distribution = "exact")
```

Hapo utaona p = 0.0303, ileile tuliyoipata kwa mkono. Ukitumia programu ya SPSS usishtuke ukiona "Wilcoxon W" ni 18 wakati R inasema W ni 3. SPSS huandika jumla ya nafasi, R huandika U. Na ukigeuza mpangilio wa makundi ndani ya R, W itakuwa 27 badala ya 3, lakini p haibadiliki.

Kwa nini t ilishindwa kuona tofauti hii

Endesha jaribio la t, toleo la Welch, kwenye data hiyohiyo, ukiweka 0.5 mahali pa "chini ya 1". Wastani wa turubai ni 3.5 na wa ardhi ni karibu 50. Tofauti ni kubwa kwa macho, lakini t ni 1.58 tu na p ni karibu 0.17. Sababu ni ile kaya moja ya 190. Imepandisha wastani wa ardhi, kweli, lakini imepandisha mtawanyiko kwa kiasi kikubwa zaidi, na t ni tofauti ya wastani iliyogawanywa kwa mtawanyiko.

Fanya jaribio moja zaidi ili uione hali hii vizuri. Badilisha 190 iwe 1900. Sasa ardhi ni chafu kuliko mwanzo, na mtu yeyote angetegemea ushahidi uwe mzito zaidi. Badala yake t inashuka hadi karibu 1.06. Mann-Whitney haitikisiki: 1900 bado ni nafasi ya kumi na moja, U bado ni 3, p bado ni 0.030.

Utulivu huo una gharama yake. Jaribio halijui kama kaya ya mwisho ilikuwa na 65 au 1900, na kwa afya ya anayekula ugali huo tofauti ni kubwa mno. Kwa hiyo usiripoti p peke yake. Onyesha namba zote, ziko kumi na moja tu, na zinatosha kwenye mchoro mmoja wa nukta. Kuna wanaopendelea kubadili data kuwa logi kisha watumie t. Kwa sumukuvu ni njia nzuri sampuli zikiwa nyingi, lakini hapa ingekulazimu kubuni namba ya "chini ya 1", na jibu lingebadilika kulingana na ulichobuni.

Jibu linasema nini hasa

Watu wengi huandika kwamba Mann-Whitney inalinganisha namba za kati. Hiyo ni kweli pale tu misambao miwili ina umbo moja na mmoja umesogezwa kando. Data yetu haiko hivyo: turubai imebanana chini, ardhi imetawanyika kutoka 2.7 hadi 190. Katika hali hii jaribio linajibu swali jingine, nalo nadhani lina manufaa zaidi: ukichukua kaya moja ya kila kundi kwa bahati, ni mara ngapi ya ardhi itakuwa na sumu zaidi? Makadirio yake ni U ya ardhi kugawanywa kwa jozi zote, 27/30, yaani 0.90. Ingekuwa 0.5, njia zingekuwa sawa.

Kwenye ripoti ningeandika hivi: "Mahindi yaliyoanikwa kwenye ardhi tupu (kaya 6, namba ya kati 18.5, kuanzia 2.7 hadi 190) yalikuwa na sumukuvu zaidi kuliko yaliyoanikwa kwenye turubai (kaya 5, namba ya kati 1.6, kuanzia chini ya 1 hadi 11); Mann-Whitney U = 3, p kamili ya pande mbili = 0.030. Uwezekano kwamba kaya ya ardhi inaizidi ya turubai unakadiriwa kuwa 0.90. Kaya 4 kati ya 6 za ardhi na 1 kati ya 5 za turubai zilizidi kiwango cha 10."

Usiandike kwamba turubai ndiyo iliyosababisha. Ikiwa kaya zilijichagulia zenyewe, wenye turubai huenda pia wana ghala bora au walivuna kabla mvua haijarudi, na U haiwezi kutenganisha mambo hayo. Na p ikitoka 0.12 kwenye kaya tano kwa sita, usiandike kwamba njia ni sawa. Andika kwamba sampuli haikutosha kuamua, kisha weka ile U kugawanywa kwa jozi ili atakayefuata ajue apange kaya ngapi.

Ukiwa na njia ya tatu

Tuseme unaongeza mahindi yaliyokaushwa juu ya kichanja. Usiendeshe Mann-Whitney mara tatu moja kwa moja. Anza na Kruskal-Wallis, ya mwaka 1952, inayopanga makundi yote matatu kwenye mstari mmoja kwa kanuni ileile ya nafasi na sare. Ikionyesha tofauti, ndipo ulinganishe mawili mawili na kurekebisha p kwa njia ya Holm, ili kulinganisha mara nyingi kusizae tofauti za uongo. Ndani ya R ni `kruskal.test`, lakini p yake hutoka kwenye makadirio ya kai-mraba ambayo hayaaminiki kundi likiwa na chini ya kaya tano. Hapo rudi kwenye coin na utumie `kruskal_test` yenye `distribution = approximate(nresample = 100000)`, ambayo huchanganya mipangilio mara laki moja kwa bahati na kuhesabu kama tulivyohesabu hapo juu.